Mistari 16, vilinganishi 60

Karibu na mwaka 1954, huko Marekani, watu watatu walianza kuchunguza kifaa chenye kazi moja tu. Walikuwa P. N. Armstrong, R. J. Nelson na D. J. O'Connor. Kifaa chenyewe kilikuwa na njia mbili za kuingilia na mbili za kutokea. Ukikipa namba mbili, ndogo hutokea juu na kubwa hutokea chini, basi. Hakikumbuki kilichopita, hakijui namba zimetoka wapi, na hakimwambii yeyote kama kimezibadilisha nafasi au kimeziacha kama zilivyokuja. Tukiite kilinganishi. Walichotaka kujua ni hiki: vilinganishi vingapi, vikiunganishwa kwa nyaya, vinatosha kupanga namba nne, au tano, au nane, kwa mpangilio wowote zitakaokuja nao?

Programu ya kawaida ya kupanga namba haifanyi kazi hivi. Yenyewe hulinganisha namba mbili, hutazama jibu, kisha jibu hilo ndilo huamua ni zipi zitakazolinganishwa baadaye. Katika kifaa cha nyaya hakuna nafasi ya kuamua. Waya ukishachomelewa umechomelewa, na jozi zote za kulinganishwa zimepangwa kabla namba ya kwanza haijaingia. Ndiyo maana huitwa mtandao wa kupanga. Huchorwa kama mistari ya mlalo, kila mmoja ukibeba namba moja kutoka kushoto kwenda kulia, na kila kilinganishi ni kijiti cha wima kinachounganisha mistari miwili.

Mtandao wa mistari minne unaeleweka upesi kwa mtu yeyote aliyewahi kuona ratiba ya mashindano ya mtoano. Nusu fainali mbili: mstari wa 1 na wa 2, wa 3 na wa 4. Kisha washindi hukutana, yaani mstari wa 1 na wa 3, na walioshindwa hukutana, wa 2 na wa 4. Bingwa amepatikana na wa mwisho amepatikana. Wanaobaki katikati ni wawili ambao hatujui nani amzidi mwenzake, kwa hiyo mechi ya tano huwakutanisha kwenye mistari ya 2 na 3. Ratiba hii inaweza kubandikwa ukutani kabla mtu hajajua timu zipi zitakuja. Weka namba 7, 3, 9, 1, na ndogo ndiyo mshindi. Baada ya nusu fainali tunapata 3, 7, 1, 9. Baada ya mechi mbili zinazofuata, 1, 7, 3, 9. Mechi ya tano hugeuza 7 na 3, na mpangilio umekamilika: 1, 3, 7, 9.

Kuna hesabu mbili hapa, na zisichanganywe. Vilinganishi ni vitano. Lakini viwili vya kwanza havigusi mstari mmoja, kwa hiyo vinaweza kufanya kazi kwa wakati mmoja, na viwili vinavyofuata pia. Muda unaohitajika ni wa awamu tatu, si tano. Hesabu ya kwanza ni gharama ya vifaa, ya pili ni muda wa kusubiri. Kwa sababu jozi zimejulikana tangu mwanzo, hakuna kilinganishi kinachohitaji kuuliza wenzake wamefikia wapi. Huko ndiko mitandao hii ilikokuja kukutana na kompyuta zenye prosesa nyingi, ingawa wakati huo kompyuta za namna hiyo zilikuwa bado.

Watatu hao walipata mitandao ya mistari minne hadi minane yenye vilinganishi 5, 9, 12, 18 na 19. Hataza yao ilitolewa mwaka 1962. Mwaka huohuo Nelson alichapisha, pamoja na mwanatakwimu R. C. Bose, njia ya jumla ya kujenga mtandao wa ukubwa wowote. Bose, mzaliwa wa India, alikuwa ameshapata sifa mwaka 1959 alipokuwa miongoni mwa watatu walioivunja dhana ya Euler kuhusu miraba ya Kilatini, iliyokuwa imedumu tangu karne ya 18. Kwa mistari 16 njia ya Bose na Nelson hutoa vilinganishi 65. Walidhani kwamba huenda haiwezekani kupata chini ya hapo.

Kabla hatujaenda mbele, turudi kwenye zile namba 18 na 19, maana zina jambo la ajabu. Mistari saba vilinganishi 18, mistari minane kimoja tu zaidi? Chukua mtandao wa mistari minane na uingize kwenye mstari mmoja namba kubwa kuliko zote. Namba hiyo haiwezi kushinda wala kusimama: kila ikikutana na kilinganishi hutokea chini, mpaka inafika mstari wa mwisho. Njia yake inajulikana yote tangu mwanzo. Basi futa njia hiyo pamoja na vilinganishi vyote inavyopita, na kilichobaki lazima kiwe mtandao sahihi wa mistari saba, kwa kuwa namba saba nyingine zimepangika bila msaada wa vilinganishi vilivyofutwa. Je, ni vingapi vinafutika? Mistari yote minane inaweza kuwa na namba kubwa, na njia zote nane huishia mahali pamoja, zikiungana mbilimbili tu. Kwa mbilimbili, nane haziwezi kuungana kuwa moja bila angalau njia moja kupita vilinganishi vitatu. Toa 3 katika 19, unabaki na 16. Mtandao wa mistari saba wenye vilinganishi 16 ulikuwa umejificha ndani ya ule wa minane waliokuwa nao mkononi! Tuiweke hoja hii kando, tutaihitaji tena.

Robert Floyd na Donald Knuth ndio walioivunja dhana ya Bose na Nelson, mwaka 1964, na baadaye wakathibitisha kwa msaada wa kompyuta kwamba 16 kwa mistari saba haipunguziki. Lakini njia iliyoishi miaka mingi ilitoka kwingine, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, kwenye kampuni ya Goodyear Aerospace, tawi la watengenezaji wa matairi waliojulikana pia kwa ndege zao za puto. Mhandisi wao Kenneth Batcher aliwasilisha makala mwaka 1968, na ndani yake mlikuwa na mitandao miwili. Nitaeleza mmoja kwa kirefu, kwa sababu ukiuelewa huu umeelewa mambo mengi.

Wazo la Batcher ni kuunganisha orodha mbili ambazo tayari zimepangwa. Tuseme ya kwanza ni 2, 5, 8, 11 na ya pili ni 3, 4, 9, 10. Chukua kutoka kila orodha zile zilizoko nafasi ya kwanza na ya tatu: 2 na 8, 3 na 9. Ziunganishe peke yake, utapata 2, 3, 8, 9. Chukua zilizoko nafasi ya pili na ya nne: 5 na 11, 4 na 10. Ziunganishe, utapata 4, 5, 10, 11. Sasa ziingize orodha hizi mbili moja ndani ya nyingine kwa zamu: 2, 4, 3, 5, 8, 10, 9, 11. Haijapangika kikamilifu, lakini tazama makosa yalivyo madogo. Ya kwanza na ya mwisho zimekaa mahali pake. Zilizobaki zilinganishe kwa jozi za jirani: 4 na 3, 5 na 8, 10 na 9. Unapata 2, 3, 4, 5, 8, 9, 10, 11. Na zile orodha ndogo za namba mbilimbili ziliunganishwaje? Kwa njia ileile, mpaka unabaki na kilinganishi kimoja.

Mtu makini atasema mfano mmoja si ushahidi. Ni kweli, na hapa ndipo inapoingia kanuni iliyo uti wa mgongo wa fani hii yote, ile ya sifuri na moja. Kanuni inasema hivi: mtandao unaopanga sawasawa kila mfuatano wa sifuri na moja utapanga sawasawa kila mfuatano wa namba zozote. Uthibitisho wake ni mfupi. Chukulia mtandao umekosea, ukatoa 8 juu ya 5. Zipake namba zote rangi: kila isiyozidi 5 iwe sifuri, kila iliyozidi iwe moja. Kilinganishi hutazama ndogo na kubwa tu, hivyo rangi hupita njia zilezile zilizopitwa na namba. Mwishoni moja itakuwa juu ya sifuri. Kwa hiyo mtandao uliokosea kwa namba lazima ukosee pia kwa sifuri na moja.

Kwa kanuni hii, njia ya Batcher hujieleza yenyewe. Orodha iliyopangwa ya sifuri na moja ni sifuri kadhaa kisha moja kadhaa. Ukizigawa sifuri zake kati ya nafasi za witiri na nafasi za shufwa, witiri hupata idadi sawa na shufwa, au hupata moja zaidi, kamwe si zaidi ya hapo. Kwa orodha mbili, upande wa witiri unaweza kuzidi kwa sifuri mbili tu. Usipozidi, au ukizidi kwa moja, orodha zikiingizwa kwa zamu zinakuwa zimeshapangika. Ukizidi kwa mbili, kuna jozi moja tu ya jirani iliyogeuka, na awamu ya mwisho ya vilinganishi ipo kwa ajili yake. Sijui hoja nyingi katika sayansi ya kompyuta zinazofanya kazi kubwa hivi kwa maneno machache hivi.

Kwa mistari minane njia hii hutumia vilinganishi 19. Kwa 16 hutumia 63, viwili chini ya Bose na Nelson. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini ukienda kwenye mistari 1,024 ndipo unaona faida. Idadi hiyo unaigawa kwa mbili mara 10 kufika moja, na mtandao wa Batcher huwa na awamu 1+2+3 hadi 10, yaani 55. Vilinganishi vyote ni 24,063. Programu nzuri ya kuunganisha orodha kwa prosesa moja ingemaliza namba 1,024 kwa ulinganisho usiozidi 9,217. Kwa hiyo mtandao hufanya kazi zaidi ya maradufu, na hilo lisifichwe. Lakini programu ile hufanya ulinganisho wake mmoja baada ya mwingine, ilhali prosesa 512, kila moja ikishika jozi yake, humaliza kwa awamu 55.

Mtandao wa pili wa Batcher hutumia vilinganishi zaidi kidogo, 80 kwa mistari 16 na 28,160 kwa mistari 1,024, lakini awamu ni zilezile. Huanza na mfuatano unaopanda kisha unashuka, kisha hulinganisha kila namba ya nusu ya kwanza na mwenzake wa nusu ya pili. Baada ya awamu hiyo moja, zote ndogo ziko upande mmoja na zote kubwa upande mwingine, na kila upande bado una umbo lile la kupanda na kushuka, au limezungushwa tu, kwa hiyo kazi hurudiwa. Uzuri wake ni kwamba katika kila awamu hakuna prosesa inayokaa bure, na umbali kati ya wawili wanaolinganishwa ni uleule kwa wote. Ndiyo sababu miaka 35 baadaye, watu walipoanza kutumia kadi za michoro kwa hesabu za kawaida, waliuchukua huu. Katika kadi hizo prosesa husogea kwa vikundi, na kikundi kizima hufuata amri moja kwa wakati mmoja. Programu yenye maamuzi mengi huwagawa wanakikundi, baadhi wakisubiri wengine wamalize. Mtandao hauna maamuzi. Kila prosesa huchukua ndogo au kubwa kulingana na nafasi yake, na nafasi yake inaijua tangu mwanzo.

Namba zikiwa nyingi kuliko prosesa, ratiba haibadiliki. Kila prosesa hupewa fungu lake, mafungu yote yakiwa sawa, nayo hulipanga ndani kwanza. Kisha mahali palipokuwa na kilinganishi, prosesa mbili hubadilishana mafungu, huyaunganisha, moja hubaki na nusu ndogo na nyingine nusu kubwa. Hapo gharama inayouma si kulinganisha tena bali kusafirisha data kati ya prosesa, jambo ambalo mchoro wa mistari na vijiti hauonyeshi hata kidogo.

Batcher mwenyewe aliendelea na mashine. Alishiriki kubuni STARAN, kompyuta ya Goodyear ya mwaka 1972, na baadaye ile iliyopelekwa kituo cha Goddard cha NASA mwaka 1983, yenye prosesa 16,384 zilizopangwa katika mraba wa 128 kwa 128, kwa ajili ya picha za setilaiti. Alifariki mwaka 2019.

Turudi kwenye mistari 16, kwa sababu baada ya makala ya Batcher wengi waliamini kwamba kwa idadi kama 8 na 16, zinazogawanyika kwa mbili hadi mwisho, Batcher hawezi kuzidiwa. Mwaka 1969 G. Shapiro alipata mtandao wa vilinganishi 62. Habari zilipomfikia M. W. Green, haukupita muda naye akaleta 60.

Mtandao wa Green una nusu mbili zisizofanana hata kidogo. Vilinganishi 32 vya kwanza vina mpangilio ambao mtoto anaweza kuukariri. Ipe mistari namba kuanzia 0 hadi 15 na uziandike kwa tarakimu nne za sifuri na moja. Awamu ya kwanza hulinganisha mistari inayotofautiana kwa tarakimu ya kwanza tu, ya pili kwa tarakimu ya pili, hivyo hivyo hadi ya nne. Vilinganishi vinane mara nne. Kabla ya hapo kulikuwa na mifuatano 65,536 ya sifuri na moja ambayo ingeweza kuingia. Baada ya awamu nne hizo, inayoweza kubaki kwenye mistari ni 168 tu. Vilinganishi 28 vilivyobaki vina kazi ya kunyoosha hiyo 168, na hapo mpangilio unaoonekana kwa macho unakwisha. Ukiutazama mchoro, upande wa kushoto ni kama mkeka uliosukwa na fundi, upande wa kulia ni vijiti vilivyorukaruka. Hakuna aliyeweza kuchukua sehemu ya kulia na kuifanya kanuni ya mistari 32 au 64 yenye faida ileile.

Mtu akileta mtandao mpya, tutajuaje kuwa ni sahihi? Kanuni ya sifuri na moja inatuokoa na mipangilio ya namba 16, ambayo ni trilioni 20 na ushee, na kutuachia mifuatano 65,536. Kompyuta huimaliza kufumba na kufumbua. Lakini lazima uimalize. Rudi kwenye mistari minne, ufute mechi ya tano: kati ya mifuatano 16 ya sifuri na moja, 12 bado itapangwa sawasawa. Itakayokosewa ni ile tu yenye sifuri moja na moja moja katika kila nusu fainali, kwa mfano 0101. Anayejaribu mitandao kwa namba za kubahatisha anaweza kupitisha kitu kibovu. Moon Jung Chung na B. Ravikumar walionyesha, katika makala ya mwaka 1990, kwamba hali ni mbaya kadiri inavyoweza kuwa: kwa kila mfuatano wa sifuri na moja ambao haujapangika, upo mtandao unaokosea huo tu na kupata mingine yote. Kwa mistari 16 hakuna hata mmoja kati ya mifuatano 65,519 unaoweza kurukwa. Kwa mistari 32 idadi inapita bilioni nne.

Danny Hillis aliligeuza tatizo hili kuwa silaha. Alikuwa amebuni kompyuta iliyoweza kuwa na prosesa 65,536, na karibu na mwaka 1990 aliitumia kuzalisha mitandao ya mistari 16 kwa kuiga mageuzi ya viumbe. Mitandao mingi ilishindanishwa, iliyopanga vizuri ikazaana, mabadiliko madogo ya bahati yakaingizwa kila kizazi. Yote ilianza ikiwa na vilinganishi 32 vya kwanza vya Green. Matokeo ya kwanza yalikwama kwenye 65, pale walipokuwa Bose na Nelson. Mitandao ilikuwa imejifunza kufaulu majaribio mepesi, ambayo ndiyo mengi. Hillis akaamua majaribio nayo yazaane: mfuatano uliofaulu kuukosesha mtandao ulipata watoto, uliopangwa kirahisi ukafa. Sasa mitandao ilikimbizwa na maadui waliozidi kuwa wajanja, na ikashuka hadi 61. Kimoja zaidi ya Green aliyefanya kazi yake miaka 20 kabla.

Wanahisabati nao walikuwa na hamu nyingine, ya mitandao mikubwa bila kikomo. Awamu za Batcher hukua haraka kuliko idadi ya migawanyo kwa mbili: migawanyo 10, awamu 55, migawanyo 20, awamu 210. Mwaka 1983 Wahungaria watatu, Miklós Ajtai, János Komlós na Endre Szemerédi, walithibitisha kwamba upo mtandao ambao awamu zake hukua sambamba na migawanyo hiyo tu. Kinadharia kasi hiyo haipitiki, na uthibitisho wao ni kazi kubwa. Tatizo ni bei ya kila mgawanyo. Hata katika hesabu iliyoboreshwa sana na Vašek Chvátal mwaka 1992, kila mgawanyo hugharimu awamu 1,830, pamoja na punguzo moja lisilobadilika. Ukizilinganisha hesabu hizo mbili, Batcher hashindwi mpaka migawanyo ipite 3,600. Atomu zote za ulimwengu tunaoweza kuuona hukadiriwa kuwa nyingi kiasi cha kugawanywa kwa mbili mara 266 hivi. Mtandao huo haujawahi kujengwa, na si kwa uvivu.

Swali la zamani, lile la idadi ndogo kabisa ya vilinganishi, lilibaki bila kusogea kwa upande wa uthibitisho. Kupata mtandao mzuri ni kazi moja, kuthibitisha kwamba hakuna mzuri zaidi ni nyingine kabisa. Floyd alipata vilinganishi 25 kwa mistari tisa mwaka 1964. Ilichukua miaka 50 kujua kwamba 24 haviwezekani. Mwaka 2014 Michael Codish, Luís Cruz-Filipe, Michael Frank na Peter Schneider-Kamp walikipata kile ambacho wengine walidhani ni kikubwa mno kwa kompyuta. Mistari tisa ina jozi 36, hivyo ukijenga mitandao kilinganishi kwa kilinganishi idadi hulipuka. Dawa yao ilikuwa kupogoa. Tuseme mitandao miwili ina vilinganishi sawa kwa idadi, na mifuatano inayoweza kutoka kwenye wa kwanza, baada ya kubadilisha majina ya mistari, yote imo katika ile ya wa pili. Basi wa pili hauna haja ya kuendelezwa, kwa kuwa chochote kitakachoukamilisha kitaukamilisha na wa kwanza pia. Kwa vilinganishi viwili ilibaki mitandao 3, kwa vitatu 7, kisha 20, kisha 59. Idadi ilipanda hadi kilele cha 914,444 kwenye vilinganishi 14, halafu ikaanza kushuka. Kwenye vilinganishi 24 ilibaki mitandao minane, na hakuna hata mmoja uliokuwa unapanga kila kitu. Kwenye 25 ulibaki mmoja.

Hapo hoja ya kufuta njia ya namba kubwa, ambayo David Van Voorhis aliifanya kanuni ya jumla katika miaka ya 1970, ikaleta zawadi. Mtandao wa mistari 10 ukifutwa mstari mmoja hupoteza angalau vilinganishi vinne, na kilichobaki hakiwezi kuwa chini ya 25. Kwa hiyo mistari 10 inahitaji 29, na mtandao wa 29 ulikuwa umeshapatikana na A. Waksman tangu 1969. Miaka michache baadaye Jannis Harder aliongeza makali ya upogoaji na kufunga mistari 11 kwa vilinganishi 35, na kwa zawadi ileile mistari 12 kwa 39.

Kutoka 12 hadi 16 kila mstari mpya unadai angalau vilinganishi vinne. Mara nne nne ni 16, ukijumlisha na 39 unapata 55. Chini ya hapo mtandao wa mistari 16 haupo. Kati ya 55 na 59 hakuna aliyeuona na hakuna aliyethibitisha kuwa haupo. Katika majedwali yanayotolewa leo, safu ya mistari 16 bado ina vilinganishi 60 vya Green, vya mwaka 1969.